Neno "lau" lililojificha ndani ya ojalá

Ujumbe uliingia saa tatu na ushee usiku. Nilikuwa Karatu, nimeshavua viatu. Ulitoka kwa mama mmoja wa Saragosa ambaye nilikuwa nimewatembeza yeye na mumewe Tarangire na Manyara: *A lo mejor mañana no bajamos al cráter. Mi marido tiene fiebre.* Nikausoma mara mbili. Neno *mejor* nilikuwa nalijua, maana yake "bora". Mzee ana homa. Basi anachosema ni kwamba bora kesho tusishuke kreta ya Ngorongoro. Nikamjibu kuwa hakuna shida na nikamtakia mzee afueni, kisha nikampigia dereva nikamwambia kesho alale ashibe usingizi. Jikoni nako nikawaambia wasihangaike kufunga lanchi boksi.

Alfajiri, kama saa kumi na mbili kasoro, nikaamshwa na mlinzi. Wageni wangu wako mapokezi, wote wawili, kofia kichwani, darubini shingoni. Homa ya mzee ilishuka usiku. *¿Y el coche?* mama akaniuliza. Gari liko wapi? Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba yeye mwenyewe alisema ni bora wasiende. Akanitazama kidogo, halafu akacheka. *No, hijo,* akasema. *Dije a lo mejor.* Hapana, mwanangu. Nilisema *a lo mejor*.

Tulifika chini ya kreta karibu saa nne, simba wote wameshajilaza. Njiani nilipata somo langu la kwanza la kweli kuhusu maneno ya shaka na matumaini ya Kihispania. Mwalimu alikuwa mama aliyekaa kiti cha nyuma, akiniandikia sentensi nyuma ya risiti ya maji.

Alianza na tofauti iliyoniponza. *Mejor no bajamos*, bila *a lo*, ndiyo "bora tusishuke". *A lo mejor no bajamos* ni "labda hatutashuka". Ule ubora umeshakufa ndani yake. Mtu anaweza kusema *a lo mejor se ha muerto*, labda amekufa, na asiyemjua asifikiri kwamba kifo hicho ni jambo jema.

Wakati ule niliona ajabu neno la "bora" kuishia kuwa neno la shaka. Baadaye nikakumbuka kuwa Waswahili tumefanya kikubwa zaidi. "Labda" yetu imetoka kwenye Kiarabu *la budda*, yaani hapana budi. Ni neno lilelile, na hata "budi" tunayo mpaka leo upande mwingine wa nyumba. Lililokuwa neno la lazima isiyokwepeka limekuwa neno la mtu asiye na hakika. Kwa hiyo sina la kuwacheka Wahispania.

Lakini lililonichukua muda mrefu zaidi halikuwa maana. Lilikuwa kitenzi kinachofuata. Mama yule aliandika *bajamos*, hakuandika *bajemos*. Herufi moja tu, lakini ndani ya herufi hiyo ndimo lilimo suala lote la *ojalá*, neno la matumaini, na la *quizás* na *a lo mejor*, maneno ya shaka.

Kihispania kina hali mbili kubwa za kitenzi. Moja ni ya kusema mambo kama yalivyo: anafika, alifika, atafika. Ya pili wanaiita *subjuntivo*, na sisi tunayo, ni ile -e yetu ya "afike", "twende", "isinyeshe". Nataka afike. Mwambie aje. Mungu amjalie apone. Hatusemi "nataka anafika", na mtoto wa miaka minne hasemi hivyo. Hilo ndilo jambo ambalo mwanafunzi Mswahili anapaswa kulishika mapema: tayari ana hali hii mdomoni. Wageni wangu wa Kiingereza waliowahi kujifunza Kihispania hunilalamikia *subjuntivo* kama mtu anavyolalamikia kodi, kwa sababu katika lugha yao imebaki masalia tu.

Kuna hata bahati ya sauti. Vitenzi vya Kihispania vinavyoishia na *-ar* hugeuka kama vyetu, a inakuwa e. *Baja*, anashuka, *baje*, ashuke. *Llega*, anafika, *llegue*, afike. (Hiyo *u* ya *llegue* haitamkwi. Imewekwa ili *g* isije ikageuka "kh", kwa maana *ge* kwao husomwa "khe".) Bahati inaishia hapo. Vitenzi vya *-er* na *-ir* vinakwenda kinyume: *come*, anakula, lakini *coma*, ale. *Viene*, anakuja, lakini *venga*, aje. *Llueve*, mvua inanyesha. *Llueva*, mvua inyeshe. Kwa sikio letu *coma* inasikika kama taarifa na *come* kama ombi, na mambo ni kinyume kabisa. Nimekosea hapo mara nyingi kuliko popote, tena siku ambazo nilijiona najua.

Sasa turudi kwa *a lo mejor*, maana ndilo jepesi na sina mengi ya kulisemea. Baada yake kitenzi kinabaki katika hali ya kawaida. *A lo mejor llueve*, labda mvua itanyesha. *A lo mejor está enfermo*, labda anaumwa. *A lo mejor llegó anoche*, labda alifika jana usiku. Hata jambo liwe la mbali kiasi gani, hata msemaji awe haamini sana, usimwekee -e. Linakaa kama "labda" yetu, ambayo nayo haigusi kitenzi: labda atakuja, labda amekuja, labda hatakuja. Ukilifuta, sentensi inayobaki inasimama yenyewe. Ni neno la mazungumzo, la kwenye gari na mezani, na katika barua rasmi utaliona kwa nadra. Huandikwa maneno matatu mbalimbali, ingawa kwenye simu za wageni nimeliona limebanwa likawa moja.

*Ojalá* ni hadithi nyingine, na hapa ndipo Mswahili ana kiti cha mbele.

Wengi watakwambia *ojalá* ni inshallah iliyovaa nguo za Kihispania. Ni karibu na kweli, lakini si yenyewe. Waarabu na Waberiberi walivuka bahari kuingia Hispania mwaka 711, na dola ya mwisho ya Kiislamu huko, Granada, ilianguka mwaka 1492. Katika karne hizo takriban nane Kiarabu cha Andalusi kiliacha maelfu ya maneno katika Kihispania. Kamusi ya Akademia ya Kihispania inalitoa *ojalá* kwenye maneno ya Kiarabu hicho ambayo sisi tungeyaandika *lau sha llah*. Tazama neno la kwanza. Si *in*. Ni *lau*.

Aliyepita madrasa anajua tofauti. *In* ni "kama" ya jambo lililo wazi, linaloweza kuwa: *in shaa Allah*, Mungu akipenda. *Lau* ni "kama" ya jambo lililo mbali, lisilokuwa au ambalo hakuna anayelitarajia sana: lau Mungu angependa. Kiswahili kimezigawa hivyohivyo kwa viambishi, -ki- huku na -nge- kule. Na "lau" yenyewe tumeichukua nzima nzima, tunaitumia kila siku. Lau ningejua. Lau kama angekuwepo baba yako. Neno lilelile tunalolilia nalo misibani liko ndani ya *ojalá*, limekunjwa tu.

Mkunjo wenyewe unaonekana ukitazama maandishi ya zamani. Kihispania cha kale kiliandika *oxalá*, na ile *x* ilisomwa "sh". Baadaye sauti "sh" ya Kihispania ikarudi nyuma kooni ikawa "kh", na tahajia ikabadilika kuwa *j*. Wareno hawakuhama. Wao mpaka leo wanasema *oxalá* kwa "sh", na mtu akilitamka polepole unaisikia *sha llah* bila hata kuambiwa.

Nimelieleza hili kirefu kwa sababu linafungua kanuni. *Ojalá* halikuanza maisha yake kama neno la shaka. Lilianza kama dua, sentensi nzima yenye kitenzi chake ndani, na kinachofuata ni kile kinachoombwa. Kinachoombwa kwa Kihispania huwa katika *subjuntivo*, kama kwetu kinavyokuwa katika -e: Mungu ajalie mvua inyeshe. *Ojalá llueva.* Hakuna njia ya pili. *Ojalá llueve* ni kosa Madrid, ni kosa Bogota, ni kosa Buenos Aires. Ndiyo maana pia linakubali kufuatwa na *que*, "kwamba", kama kitenzi cha kutaka kinavyokubali: *ojalá que llueva*. Ukiiweka au ukiiacha, kitenzi hakibadiliki. Jaribu kuweka *que* hiyo baada ya *a lo mejor*, mgeni atakunja uso.

Likishakuwa la *subjuntivo* daima, swali linalobaki ni la wakati gani, na hapo "lau" ya kale inaamka. Chukua begi la mgeni lililopotea njiani, kesi ninayoijua kuliko ninavyopenda. *Ojalá llegue mañana*: Mungu ajalie lifike kesho, na inawezekana. *Ojalá haya llegado*: naomba liwe limeshafika, bado sijaenda kutazama. *Ojalá llegara mañana*: laiti lingefika kesho, lakini moyoni sioni dalili. *Ojalá hubiera llegado ayer*: laiti lingalifika jana, na halikufika. Mbili za kwanza ni za inshallah, mbili za mwisho ni za laiti. Kihispania kimeziweka zote nne chini ya neno moja na kazi ya kuzitenganisha kikaachia kitenzi. Sisi tunabadilisha neno na kitenzi pia.

Kuna shimo hapa kwa watu wetu hasa. Shuleni tumezoeshwa kwamba -nge- kwa Kihispania ni *-ría*: ningekuja, *vendría*; lingefika, *llegaría*. Basi mtu anatafsiri "laiti lingefika" anapata *ojalá llegaría*. Siyo. Baada ya *ojalá* ni *llegara*, au *llegase*, ambayo ni sawa nayo na huko Hispania utaisikia pia. Nilimsikia kijana mmoja wa kazini akimwambia mgeni *ojalá vendría su hermana*, na mgeni akamrekebisha palepale, kwa upole, bila hata kujua kwamba ametoa somo: *ojalá viniera, sí.*

Shimo la pili si la sarufi, na nililiingia mwenyewe. Tulizoea, na ni adabu, kutia inshallah kwenye ahadi. Gari litakuwa mlangoni saa kumi na mbili inshallah. Hakuna anayeogopa. Nikawaandikia familia moja ya Valensia: *Ojalá el coche esté en la puerta a las seis.* Kitenzi sahihi, *subjuntivo* safi, nikajipongeza. Jibu likaja kabla sijaweka simu chini: *¿Cómo que ojalá?* Ojalá kwa vipi? Walikuwa na ndege ya kuwahi. Kwa masikio yao nilikuwa nimewaambia kwamba natamani gari liwepo, lakini kuwepo kwake hakuko mikononi mwangu. *Ojalá* haliwi pambo la ahadi. Ni tamanio, na mtu anayetamani ni mtu asiye na uwezo juu ya jambo. Nilipaswa kuandika *el coche estará en la puerta a las seis*, na kama nilitaka kumtaja Mungu, niongeze *si Dios quiere* mwishoni, na kitenzi kibaki kilivyo. Hiyo ndiyo inshallah yao ya ahadi. Na Mhispania asiyeamini Mungu kabisa husema *ojalá* mara ishirini kwa siku bila kusikia jina lolote ndani yake.

Sasa *quizás*, ambalo ndilo gumu, na ndilo ninalolipenda.

Kwanza umbo. *Quizá* na *quizás* ni neno moja, yote mawili ni sahihi, chagua lako. Asili yake ni *qui sabe* ya kale, yaani "nani ajuaye". Mkazo uko mwisho, na ndiyo kazi ya ile alama juu ya *a*. Sisi ulimi wetu huvuta mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana utatusikia tukisema "kísas" na "okhála" kama majina ya mitaa ya Dar es Salaam.

Kanuni ya *quizás* ni kwamba hakuna kanuni moja, kuna hiari yenye mpaka. *Quizás viene* ni sahihi. *Quizás venga* ni sahihi. Wengine wamefundishwa kwamba *quizás* lazima liende na *subjuntivo*, na sijui ni mwalimu gani alianzisha jambo hilo. Wengine wanapewa asilimia: ukiwa na hakika nusu tumia hii, ukiwa na robo tumia ile. Mtu hapimi shaka yake kwa mizani kabla ya kufungua mdomo. Kinachotokea ni cha kawaida zaidi, na nitakieleza kwa chui.

Tulikuwa Seronera, mbele ya mti mkubwa wa soseji, na mgeni mmoja ameshika darubini. Ameona kitu kama mkia unaning'inia. Akasema: *Quizás está en esa rama.* *Está*, hali ya kawaida. Alikuwa anatupa dau lake, anatuonyesha tawi. Mkewe, ambaye hakuwa ameona chochote, akatazama miti mingine mitatu huko mbali akasema kwa kuchoka: *Quizás esté en otro árbol.* *Esté*, ile -e. Hakuwa anatuonyesha mti wowote. Alikuwa anaacha mlango wazi tu. Wangebadilishana vitenzi, hakuna ambaye angesema wamekosea. Lakini *está* linaegemea kwenye jambo, na *esté* linakaa mbali nalo kidogo.

Kwa mambo ya kesho na keshokutwa, masikio yangu hupata zaidi *quizás venga*, na *quizás vendrá* nalo lipo. Kwa mambo yaliyopita utasikia *quizás llegó anoche* na *quizás haya llegado* bila ugomvi.

Mpaka wenyewe ni huu, na hapa hakuna hiari: *quizás* lina nguvu juu ya kitenzi likiwa mbele yake tu. Likija nyuma, kitenzi kimeshasemwa, hakikunjwi tena. *Está, quizás, en esa rama.* *Llega mañana, quizás.* Huwezi kusema *esté, quizás* wala *llegue mañana, quizás*. Sarufi kubwa ya Akademia, iliyotoka mwaka 2009, inaliweka wazi, na inayajumuisha humo *tal vez*, *acaso*, *posiblemente* na *probablemente*: yakitangulia, hiari, yakifuata, hali ya kawaida tu.

Nilipoisoma kanuni hiyo mara ya kwanza niliona kama mchezo wa wasomi. Halafu siku moja nikajisikia mwenyewe nikimwambia mtu kwa Kiswahili: "Huenda akaja kesho." Nikasimama. Kwa nini "akaja"? Hakuna kilichotangulia, hakuna masimulizi, na jambo lenyewe ni la kesho. Hiyo -ka- imeletwa na "huenda" peke yake. "Labda" haifanyi hivyo: labda atakuja. Sasa kanusha. "Huenda asije." Hiyo ni -e! "Huenda mvua isinyeshe." "Huenda tusishuke." Tukikanusha baada ya "huenda" tunaingia moja kwa moja katika hali ileile ambayo Kihispania hutumia katika *quizás no venga*, *quizás no llueva*. Na hiari pia ipo kwetu, maana "huenda hatakuja" na "huenda atakuja" husemwa kila siku. Jaribu sasa kuipeleka "huenda" nyuma. "Atakuja kesho, huenda." Inapita. "Akaja kesho, huenda." Haipiti, ulimi wenyewe unakataa. Mpaka ni uleule wa Kihispania, na tulikuwa nao siku zote bila mtu kutuandikia kitabu.

Tangu siku hiyo sihitaji jedwali. Nikiona *quizás* nasikia "huenda", na nikiona *a lo mejor* nasikia "labda". Kwa mtu anayeijua "huenda" vizuri, hilo linatosha kwa sehemu kubwa ya safari. Ila asitafsiri ile -ka-. Kihispania hakina kitu kama hicho, na "huenda akaja" ni *quizás venga* au *quizás viene*, basi.

Nimalize na lile begi nililolitaja. Msichana mmoja wa Sevilla alitua Kilimanjaro, begi lake likabaki walikobadilishia ndege. Safari yetu ya Serengeti inaanza kesho asubuhi. Ilibidi nimwandikie usiku huo, na nilijua kila kitenzi kitasomwa kwa jicho la mtu asiye na nguo za kubadilisha. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

*Ojalá la maleta llega mañana. A lo mejor venga en el vuelo de la tarde. Quizás tenemos que esperar un día más.*

Nikaipitia. *Ojalá… llega*: dua bila -e. Kosa, ni *llegue*. Nikajiuliza pia kama niseme *llegara*. Nikakataa, kwa sababu *llegara* ingemwambia kwamba sina imani, na wakati huo kampuni ilikuwa imeshasema begi limeonekana. *A lo mejor venga*: hapo nilikuwa nimejiona msomi, nikaona jambo lina shaka nikalipa *subjuntivo*. Kosa la pili, ni *viene*. *Quizás tenemos* ni sahihi kisarufi, lakini nililitazama sana. *Tenemos* ilikuwa inaegemea. Ingesomeka kama nimeshaamua kichwani kwamba tutakaa siku moja zaidi, na hilo lina gharama ya chumba. Nilitaka mlango wazi tu, kama yule mke na miti yake. Nikaandika *tengamos*.

*Ojalá la maleta llegue mañana. A lo mejor viene en el vuelo de la tarde. Quizás tengamos que esperar un día más.*

Akajibu kwa neno moja: *Ojalá*. Peke yake, bila kitenzi, ni jibu kamili, kama sisi tunavyosema "amina" au "inshallah" tukanyamaza. Begi lilikuja na ndege ya jioni, gurudumu moja limevunjika.

Mama wa Saragosa tunaandikiana bado. Mwezi uliopita alinitumia picha ya mumewe akiwa na ile kofia ya kreta, na chini yake: *A lo mejor volvemos en febrero.* Nimemjibu *ojalá*. Dereva sijamwambia chochote.